Bakuli Lililorudi Tupu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nisikilizeni kwanza kabla hamjaanza kucheka. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo msitafute hapa maneno ya kupambwa. Nina jambo limenikaa kooni tangu nikiwa na urefu wa meza, na kila upepo ukivuma kutoka Kipevu ukaleta ile harufu ya mafuta na chuma cha moto, linapanda tena. Nawaona jioni mkirudi kutoka mazoezini, mmelowa jasho, mmekumbatiana mabegani kama mapacha. Nikiwauliza, yule mwenzenu mrefu ni mtoto wa nani, mnaniambia hamjui. Anakaa wapi? Hamjui. Mamake mzima? Mnatazamana. Miaka miwili mnapigiana pasi na mtu, na hamjui kama jana alikula. Inaniudhi. Inaniudhi kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo, na najua mwisho wake.

Sisi tulikaa Magongo, nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, familia sita, choo kimoja. Baba alikuwa kibarua bandarini, siku akiitwa anakwenda, siku asipoitwa anakaa kizingitini akichonga mpini. Tulikuwa watu wa Kaloleni, wa kanisani, na jirani yetu wa chumba cha mbele alikuwa Mama Saumu, Mwislamu wa Kisauni, aliyependana na mama kama ndugu wa tumbo moja. Nyuma ya nyumba, karibu na reli, palikuwa na uwanja usio na mwenyewe, mchanga mwekundu na mabati ya zamani pembeni. Hapo ndipo sisi wasichana tulipocheza kati.

Kama hamjui kati, nawaambia. Wawili wanasimama pande mbili, hatua kama ishirini baina yao, na hao ndio warushaji. Wengine wanaingia katikati, na kazi yao ni kukwepa mpira. Ukipigwa unatoka. Akibaki mmoja peke yake, akikwepa mipira kumi, wenzake wote waliotoka wanafufuka, na warushaji wanaanza upya. Mpira wetu ulikuwa wa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya katani, mgumu hasa, ukikupata ubavuni unalala upande mmoja siku mbili.

Timu ilikuwa na mkubwa wake, Mbeyu, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye sauti ya askari jela. Yeye ndiye aliyepanga nani arushe na nani. Alinipanga mimi na Akinyi.

Akinyi alikuwa mtoto wa bara. Babake alikuwa fundi kwenye kiwanda kimoja huko Changamwe, na walikuwa wamekuja pwani karibuni tu. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata na wenzetu wakikicheka. Lakini mkono wake, jamani. Mpira ukitoka kwake unakuja umenyooka kama umevutwa kwa uzi. Baada ya majuma mawili tukawa hatuhitaji kusema. Akiinua kidevu, najua atarusha chini, miguuni. Akifumba jicho moja, najua atanirushia juu juu, nidake na kumpiga mtu kabla hajageuka. Tukawashinda watoto wa mtaa wa juu, tukawashinda na wa karibu na soko. Mbeyu akitembea mbele yetu kama amemzaa mtu.

Basi mimi na akili yangu ya kitoto nikasema, huyu ndiye rafiki yangu. Na nikaamini urafiki unakaa ndani ya mpira. Nikiudaka, ananipenda. Ukiniponyoka, nalala na wasiwasi kwamba kesho hatanitaka.

Siku moja tukakutana bombani, kila mtu na ndoo yake, mpira hakuna. Nikamwona, akaniona. Nikatafuta neno sikulipata. Yeye akatazama ndoo yake kana kwamba ina kitu ndani. Zamu yake ikafika, akachota, akajitwisha, akaondoka. Nikarudi nyumbani nimekasirika kweli kweli. Nikasema, ana kiburi, uwanjani ananijua na bombani hanijui. Sikujiuliza kwamba mimi mwenyewe nilikuwa bubu vile vile.

Kilichotutoa hapo ni mpira kuchanika. Kamba ilikatika, matambara yakamwagika uwanjani kama matumbo ya kuku, na Mbeyu akasema, “Akinyi, wewe mkono wako ndio umeuua. Kaushone.”

“Kamba sina,” Akinyi akasema.

“Kadzo anayo, kwao wanasokota. Nendeni wote, na kesho niuone mzima.”

Kadzo ndiye mimi. Nikachukua katani ya mama nikaenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga hodi kwao. Mamake alikuwa mwanamke mnene, mpole, anayekupa mkono mtoto kama anampa mtu mzima. Alitupa ugali na samaki mkavu, tukala kwanza ndipo tukakaa chini kufunga mpira. Kazi ya mikono inafungua mdomo, nyinyi mnaoshika simu hamjui hilo. Ukiwa umeshika kamba upande huu na mwenzako anakaza upande ule, hamtazamani, na maneno yanatoka yenyewe. Akanieleza kuhusu dada yake aliyeachwa kwa bibi yake huko bara. Mimi nikamwambia naogopa choo chetu usiku, na sijamwambia mtu. Hakucheka. Akaniuliza tu, “Kuna nini ndani?” Nikasema sijui. Akasema, “Basi hata wao hawajui kuna nini nje.” Mpaka leo sijui alitaka kusema nini, lakini woga ulipungua.

Mpira ukaisha, nikadhani na sisi tumeisha. Lakini juma lililofuata mvua ikanyesha, ile ya masika isiyopumzika, uwanja ukawa ziwa. Hapakuwa na mchezo. Mchana nikasikia hodi mlangoni. Ni Akinyi, gunia kichwani, maji yanamtiririka. Mama akasema, “Mwanangu, mvua yote hii, umetumwa?” Akasema, “Hapana, shikamoo. Nimekuja kwa Kadzo.”

Nimekuja kwa Kadzo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na hakuna mtu aliyewahi kuvuka maji kuja kwangu bila kutumwa. Siku hiyo tukachambua mchele wa mama pamoja, na katikati ya mchele akaniambia, kwa sauti ya chini, “Kadzo, mimi kati siipendi.”

Nikamtazama. “Hupendi vipi, na wewe ndiye mkali kutushinda wote?”

“Mkono unaniuma mpaka asubuhi. Na sipendi kumpiga mtu. Nakuja kwa sababu hapa sijui mtu mwingine. Sasa nakuja kwa sababu yako.”

Ndipo nikafahamu, ingawa kwa kiasi cha mtoto, kwamba mpira ulikuwa ni mlango tu. Tangu siku hiyo tukaenda kuteka maji pamoja, tukaenda kuokota kuni pamoja, akanifunza kuhesabu kwa lugha yao na mimi nikamfunza kukuna nazi bila kujikwangua vidole. Akaanza kumwita mama yangu Mama. Akija akatukuta tunakula, anaketi bila kuambiwa mara ya pili.

Ikaja Pasaka. Mama alipika wali wa nazi na kuku, na kabla sisi hatujala akachukua bakuli lake la bati lenye maua mekundu, lile alilopewa harusini mwake, akalijaza, akatia paja la kuku juu, akafunika kwa kitambaa cheupe. “Mpelekee mama wa mwenzio. Mwambie sikukuu njema.” Nikapeleka mbio. Mama Akinyi akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka nikaona haya.

Siku ya pili, Akinyi akalirudisha bakuli. Lilikuwa limesuguliwa kwa majivu na mchanga likang'aa, mpaka yale maua yalionekana mapya. Na ndani hapakuwa na kitu.

Sasa nyinyi wengine hamjui mambo haya, mnapeana vyakula kwenye vikopo vya kutupa. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata kama huna, utatia chumvi kidogo, utatia ndimu mbili, utatia hata jani la mchaichai. Kitupu maana yake nimekula chako na sitaki tujuane. Mama alilifunua mbele ya Mama Saumu. Nilikuwa nimekaa pale pale nachanwa nywele.

Mama akalitazama ndani. Akaligeuza, kana kwamba kuna kitu kimeng'ang'ania chini.

“Hata ndimu,” akasema.

Mama Saumu akaacha kuchana. “Wallahi? Bakuli la harusi yako?”

“Litazame mwenyewe.”

“Amelisugua sana, huyo. Amekuondolea hata harufu yako.” Mama Saumu akaguna. “Hawa watu wa bara, shoga yangu, mimi nilikwambia.”

Hakuwa amemwambia chochote, nilikuwapo siku zote. Lakini maneno ya namna hiyo yakishasemwa yanakuwa kweli. Mama akakunja kile kitambaa cheupe mara nne, polepole, na nikajua limeshaharibika.

“Kadzo.”

“Abee, Mama.”

“Uwanjani ukitaka kucheza naye cheza, sikukatazi, huko ni kwa watu wote. Lakini kwao usiende, na hapa kwangu asije. Umesikia?”

“Nimesikia, Mama.”

Haya, oneni mambo ya watu wazima. Yeye alidhani ameniachia kitu. Ameniachia mpira. Kile kitu ambacho mwenzangu hakukipenda hata kidogo, ndicho kilichobaki baina yetu.

Nikaenda uwanjani nimefunga mdomo. Sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba mama yako katutukana? Na mimi niliamini hivyo, nilikuwa mtoto wa mama yangu. Tukasimama pande mbili, nikarusha, akarusha. Baada ya mchezo akaja na ndoo yake kama kawaida, “Twende bombani,” nikasema nimeshateka. Kesho yake nikasema nimetumwa. Kesho kutwa sikusema kitu, nikashika njia. Na mpira wenyewe ukatukataa. Akiinua kidevu, mimi nadhani ananidharau, simtazami. Anarusha chini, mimi nangoja juu. Watoto wa mtaa wa juu wakatufunga mbele ya kila mtu, na Mbeyu akasema, “Nyinyi wawili mmelogwa?”

Siku ya sita Akinyi akaniuliza, tukiwa tunaokota mpira penye mabati. “Kadzo, nimekukosea nini?”

Nikasema, “Hakuna.”

Neno moja. Nimezaa, nimezika mume, nimepigana na mwenye nyumba mahakamani nikamshinda, lakini neno ninalolionea haya maishani mwangu ni hilo.

Siku ya saba hakuja. Angekuja kufanya nini? Kuchezea mkono wake unaouma, na watu wasiosema naye? Na hapa ndipo hasira yangu inapowaka zaidi. Timu nzima, wasichana wanane, hakuna aliyeuliza. Mbeyu akatazama huku na huku akasema, “Akinyi hayupo. Saumu, wewe simama pale urushe.” Saumu, binti wa Mama Saumu, akasimama pale. Mchezo ukaendelea. Mtu aliyetushindia miezi mitano, nafasi yake ikajazwa kabla vumbi halijatulia. Nikaona kwa macho yangu kwamba timu inauhitaji mkono wako, na mikono iko mingi.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikaasi. Mama alikuwa kanisani kwenye usafi, nikapita nyuma, nikaenda kwao Akinyi, nikapiga hodi nikiwa nataka kulia.

Mamake akafungua. “Kadzo, umepotea. Tulifikiri mgonjwa. Akinyi kaenda dukani, ingia.”

Sikuingia. Nilikuwa nimekatazwa, nikaona nikisimama kizingitini sitakuwa nimevunja amri. Nikamuuliza pale pale, vile mtoto anavyouliza, bila kuzunguka. “Mama Akinyi, kwa nini ulirudisha bakuli letu tupu?”

Kisha akakaa chini, pale mlangoni, ili macho yake yalingane na yangu.

“Mtoto, mimi nilipoolewa, mama wa mume wangu alinifundisha hivi. Mtu akikuletea chakula, osha chombo chake vizuri kuliko alivyokileta, urudishe. Usitie kitu siku ile. Ukitia siku ile, unamwambia umemlipa, mmemalizana. Unangoja. Siku yako ikifika unapika chako, unapeleka kwa chombo chako. Ndiyo urafiki unaendelea.” Akanishika mkono. “Mimi sikutaka kumalizana na mama yako. Nilikuwa nangoja mahindi mapya kutoka nyumbani.”

Nikarudi mbio. Nilidhani nimebeba dawa. Mama aliporudi nikamweleza yote, neno kwa neno, hata ile ya mahindi. Alinisikiliza amesimama, ufagio mkononi.

“Basi mbona hakusema?” akauliza.

“Mbona wewe hukumuuliza, Mama?”

Akanizaba kibao. Halali yangu, mtoto hasemi vile. Lakini nililisema, na aliyelisikia alilisikia. Jioni ile hakula. Akasema, akimtazama Mama Saumu na si mimi, “Nitakwenda Jumapili nikamwone.” Mama Saumu akasema, “Utaanzia wapi, na aibu hiyo?” Jumapili ikafika, mama akaumwa kichwa. Jumapili ya pili tukapata wageni kutoka Kaloleni. Na mimi nikangoja. Niliona mzazi ndiye wa kutangulia, akishakwenda yeye, njia itakuwa wazi, nitaenda nikaombe msamaha vizuri. Huo ulikuwa ujinga wangu wa pili. Mtoto hangojei aibu ya mtu mzima iishe, itamkuta amezeeka.

Jumapili ya tatu mama akajifunga leso yake mpya. Akapika, akajaza bakuli jingine kubwa zaidi, akaniambia, “Twende.” Tukafika kwao Akinyi. Akapiga hodi. Akatoka mwanamume tusiyemjua, kifua wazi, mswaki mdomoni.

“Wale wa bara?” akasema. “Wamehama Jumatano. Mzee kiwanda kimemwachisha, wamerudi kwao.”

“Kwao wapi?” mama akauliza.

“Mimi nitajuaje, mama? Kwao.”

Tukarudi na bakuli limejaa. Mama hakulifungua. Alimpa Mama Saumu, akaingia chumbani. Mimi nikaenda uwanjani, nikamkuta Mbeyu anafunga kamba za mpira.

“Mbeyu, ulijua Akinyi amehama?”

“Eeh. Alikuja Jumanne akakuulizia, hukuwapo. Akasema wanasafiri kesho yake, nikuambie.”

“Na hukuniambia?”

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. “Nilidhani unajua. Si rafiki yako?”

Tangu hapo sikucheza kati tena. Watu walidhani nimekua.

Sikumwona Akinyi tena. Baadaye nimeuliza watu wa kwao wengi, sokoni, kanisani, hospitalini, nikitaja jina la babake na kazi yake. Kama yu hai ni bibi kama mimi. Sijui alikuwa wa kijiji gani. Miezi mitano, na nilikuwa najua anaogopa mbuzi, najua mkono unaomuuma ni wa kulia, lakini jina la kijiji chao sikuuliza, kwa sababu nilidhani kesho ipo. Msiniambie ni mambo ya zamani. Mambo ya zamani yamekaa sebuleni kwangu yanakunywa chai.

Maana juzi, haijapita hata wiki, mjukuu wangu Neema alikuja na mwenzake wa timu ya mpira ya wasichana, anaitwa Shufaa. Mara ya kwanza kufika hapa. Mimi nilikuwa uani, sikumwona. Nasikia aliingia akakaa, hakumwamkia mtu, Dama mke wa mwanangu akamtilia chakula hakukigusa, akakaa kidogo akaaga akaondoka. Jana jioni namsikia Dama jikoni, anamwambia mwanawe, “Yule hana adabu. Amekidharau chakula changu. Huko mazoezini mcheze, lakini hapa nisimwone.”

Neema ameinama anaokota mchanga kwenye mchele ambao hauna mchanga.

Nikainuka kitini. Magoti yangu haya mnayajua, lakini niliinuka. Nikamuuliza Dama, “Ulimuuliza kwa nini hakula?” Akasema, “Mama, mtoto mdogo vile nimuulize nini?” Nikamuuliza Neema, “Na wewe, ulimuuliza?” Akatikisa kichwa. “Kwao unapajua?” Akasema anapajua kwa nje tu, nyuma ya msikiti, geti la buluu.

Nikavuta leso yangu kwenye kamba. Nikawaambia, “Dama, zima jiko. Neema, vaa viatu utuonyeshe njia. Tunakwenda kwa kina Shufaa sasa hivi, sote watatu, na wewe Dama ndiye utakayepiga hodi.”